Mwanamke wa Mtumbwi Alipokufa Mezani Kwetu

Nianze na kosa langu, maana nikiliacha mwisho nitalipamba. Kwa zaidi ya mwaka mmoja niliwadanganya marafiki zangu kila Jumapili baada ya misa, kwenye baraza yetu ya mtaa wa Muhumba, nikiwa nimekunja uso kama shahidi mahakamani.

Mchezo wetu unachezwa mezani kwa maneno. Kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, na habari zake zimeandikwa kwenye karatasi tunayoiita fishi: anajua nini, anabeba nini, ana pointi ngapi za uhai. Mimi nasimulia dunia na hatari zake, wao wanasema watu wao wanafanya nini, na pale jambo lisipojulikana litaishaje, tunarusha dadu, au dé, yenye nyuso ishirini. Mezani wananiita maître, yaani bwana wa mchezo, nami napenda kuitwa hivyo kuliko inavyofaa.

Uongo wangu ulianzia kwa mwalimu wa kemia, mmoja wa wachezaji wangu wa kwanza. Mtu wake alikuwa mganga mzee mwenye maneno mengi, na alikuwa amemcheza miezi minane. Siku moja mganga akang'atwa na mbwa. Mbwa tu wa getini, niliyemweka pale kujaza nafasi! Dadu zikamkataa kabisa. Nikasema, "Pole, amekufa," nikaendelea na wengine. Mwalimu akakaa kwenye kona saa tatu nzima, ameshika chupa ya soda iliyokwisha. Akaaga kwa adabu, na hakurudi tena.

"Mbwa wako amekula mwalimu," mke wangu alisema. Yeye pia anacheza, na mtu wake ni mwizi hodari.

Kiburi kikanizuia kumpigia mwalimu simu. Badala yake nilikata ubavu wa katoni, nikausimamisha mezani mbele yangu, nikawa narusha dadu nyuma yake pasipo mtu kuona. Tangu siku hiyo hakufa mtu. Zimwi likipata pigo la kuua, mimi nilisema limekosa. Niliuita uongo ule huruma, lakini ukweli ni kwamba niliogopa kiti kingine kibaki kitupu.

Kiti nilichokiogopea zaidi kilikuwa cha muuguzi mmoja wa wodi ya watoto, mama wa makamo, mpole mpaka umuudhi, aliyekuja baada ya mwalimu kuondoka na kusikia kisa chake kwa mke wangu. Mtu wake alikuwa mwanamke wa mtumbwi anayevusha wasafiri ziwani. Mwendo na ukali wake aliuchukua kwa shangazi zake wa kisiwa cha Idjwi, na alimpa binti aliyebaki ufukoni, anayemlaumu mama yake kwa kutokuwa nyumbani. Sijaona mtu wa karatasi mwenye uhai kama yule.

Jumapili moja jitu la majini likamrukia. Nikarusha dadu, ikatoka ishirini, pigo baya kuliko yote. "Limekosa," nikasema.

Muuguzi akaweka kikombe chini. "Papa, ile dé imesema nini?"

"Imesema mbili."

Akainuka, akazunguka meza, akaangalia. Ishirini ilikuwa imelala pale inatutazama. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa na urefu wa katoni moja.

"Mara ngapi, papa?"

Nikahesabu kwa vidole, vikaniishia.

"Basi huyu mutu wangu hajaponyoka ata siku moja. Mimi niko nafurahi, kumbe ni weye uko namubeba kama mutoto." Akachukua mkoba wake.

Hapo nikafoka, maana mimi nikishikwa na aibu hupandisha sauti. "Nilitaka ubakie! Mwalimu alienda sababu mutu wake alikufa!"

Alisimama kwenye ngazi. "Hapana. Alienda sababu mulimuacha kwa kona. Kwa kilio, munaonaka mwenye kufiwa anaachwaka kwa kona peke yake?"

Nimepanga viti vya plastiki kwenye vilio na matanga mangapi ya mji huu! Najua kwamba mfiwa huketishwa katikati, watu wakamzunguka na kumsimulia habari za marehemu wake. Haikunijia kabisa kwamba mezani pangu palihitaji hivyo hivyo. Muuguzi akasema atarudi mara moja tu, kuangalia kama katoni bado ipo.

Jumapili iliyofuata katoni ilikuwa imetumika kuwashia jiko. Kabla ya kuanza tukakubaliana kwa sauti. Dadu zitarushwa mbele ya wote. Hatari ya kuua nitaitaja mapema, ili anayeiingia aingie kwa hiari. Atakayekufa amekufa, ila mchezaji wake atasema anaondokaje, na mchana huo huo atapewa mtu mwingine wa kucheza.

Tukalifuta pigo la Jumapili iliyopita, tukarudi ziwani, jitu likiwa limeshika kamba ya mtumbwi. Nikasema wazi: atakayebaki nyuma kuikata anaweza kufa.

"Anabaki," muuguzi akasema, na mwanamke wa mtumbwi akaikata. Kisha jitu likampiga, pointi zake za uhai zikafika sifuri, na mkondo ukaanza kuwavuta wenzake, wasiweze kumfikia. Katika hali hiyo anayekufa hujirushia dadu. Kumi na zaidi humvuta kwenye uhai, chini ya kumi humsukuma kwenye mauti, na upande utakaofika mara tatu kwanza ndio unaoamua. Akapata kumi na nne. Sita. Kumi na moja. Nne. Tukasimama wote. Nilitamani katoni yangu, sifichi. Dadu ya mwisho ikazunguka kando ya sahani ya karanga, ikatulia kwenye saba.

Neno "pole" lilikuwa limeshafika ulimini. Nikalimeza. "Maman, anaenda namna gani?"

Akaweka kidole kwenye fishi yake. "Mukono yake ya mwisho inasukuma mutumbwi. Wenzake biko nafika."

Ikawa hivyo, kwa sababu yeye ndiye aliyesema. Kisha tukamweka muuguzi katikati, na watu wa kubuni wa wengine wakamsimulia mambo ya marehemu ambayo hatujawahi kuyacheza, nami nikayaandika yawe kweli. Mwizi wa mke wangu akakiri kwamba siku ya kwanza aliiba kasia, na yule mwanamke alimwona, akanyamaza. Mke wangu alilia machozi ya kweli, halafu akanigombeza kwa kumtazama. Muuguzi alikuwa anatafuna karanga, macho yamelowa, anacheka.

Nikamkabidhi fishi mpya: binti wa ufukoni. Mtumbwi ukagusa mchanga. Akauliza kwa sauti changa, kali, "Mama iko wapi?" Wenzake ikabidi wajibu. Nilikaa kimya nusu saa, mimi niliyependa kuitwa maître, na hiyo ndiyo nusu saa bora niliyowahi kuiona mezani pale. Nilimheshimu mama yule kama mwalimu wangu, na bado namheshimu.

Alipokuwa anaaga akaniambia, "Na mganga ya ule mwalimu? Hajazikwa bado."

Kesho yake nikapiga simu. Nikamweleza mwalimu habari ya mbwa, ya kona na ya katoni. Nikamwomba msamaha. Kisha nikamuuliza, "Mutu wako alikufa namna gani?"

"Nitakuya kukuambia," akasema.

Alikuja Jumapili, akakaa kwenye kiti chake. Kutoka mfukoni akatoa fishi iliyokunjwa mara nne, na sifuri niliyoiandika mimi bado ilikuwa pale. Akaiweka katikati ya meza.

"Kwa geti kulikuwa mwanamuke na mutoto mugongoni," akasema. "Ule mbwa ilikuwa naenda kwao. Muzee wangu alisimama katikati. Nilijua vile tangu ile siku, nilikuwa nangojea tu uniulize."