Theluthi Mbili, Uriri

Jino la kwanza la yule mkamataji wa pikipiki zenye deni liling'oka kabla sijamaliza kujumlisha. Lilitua kwenye changarawe karibu na kiatu changu, na mpaka leo nashukuru kwamba macho ya watu wote yalikuwa kwake, kwa sababu aliyemwita mwenye pikipiki pale alikuwa ni mimi.

Kazi yangu Migori, ukiondoa zile za kuuza na kununua chochote kinachouzika, ni kueleza mikataba. Duka la pikipiki hunilipa kila ninapoleta mteja akatia sahihi. Mteja hukaa, nami namsomea kwa Kiswahili na kwa Dholuo, maana karatasi yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Namwambia: hii ni haya-pachesi. Unakodi huku unanunua. Mpaka shilingi ya mwisho iingie, chuma ni cha kampuni, na logbuku, hati ya umiliki, wanayo wao. Huwezi kuiuza wala kuiweka rehani. Ukikosa wiki, unatumiwa ilani. Ukizidi kukosa, wanakuja kuichukua, wanaiweka yadi ya Homa Bay, wanaiuza, na bei ikipungua deni, wewe na mdhamini wako mnajazia.

Kijana mmoja wa stegi ya bodaboda ya Uriri nilimsomea hivyo. Alilipa elfu ishirini na nne za kwanza taslimu, pesa ya ng'ombe aliyeuzwa, zikiwa bado na harufu ya zizi, akapewa risiti. Kisha ikabaki elfu mbili mia sita kila wiki, wiki sabini na nane. Jumla laki mbili, ishirini na sita elfu, mia nane. Alilipa kwa simu wiki arobaini na tisa bila kuruka hata moja.

Halafu abiria wawili wakamkodi kwenda Sori, wakamshusha njiani kwa panga. Walitaka pikipiki. Aliing'ang'ania kwa mkono mmoja huku ule mwingine ukichanwa kutoka kiwiko hadi kifundo, akapiga mmoja kwa kofia ya chuma mpaka wakakimbia. Nyuzi kumi na saba. Wiki tatu hakubeba mtu, wiki tatu hakulipa. Ilani ilimpata akiwa bado na bandeji.

Wakamataji wawili walikuja dukani kutoka Homa Bay na pikapu na dereva wake. Mkubwa wao, mtu wa shingo nene, akaniambia, "Jaduong', mzee wetu, wewe yule kijana wa Uriri anakuamini. Mpigie, mwambie una mzigo. Elfu moja yako hii."

Kabla ya kupokea pesa huwa nahesabu. Nikaomba taarifa ya malipo, wakanionyesha kwenye simu: laki moja, ishirini na saba elfu, mia nne. Theluthi mbili ya bei yote ni laki moja, hamsini na moja elfu, mia mbili. Hajafika. Asiyefika, akikosa malipo na ilani ikipita, kampuni inaweza kuchukua. Aliyefika, sheria inasema hawamgusi mpaka waende kortini. Nikahesabu mara moja, nikapokea noti, nikapiga simu. Mara ya pili sikuhesabu. Kila kitu maishani mwangu nahesabu mara mbili, isipokuwa siku hiyo, kwa sababu noti ilikuwa mpya.

Alinikuta pembeni mwa soko la Uriri akitabasamu, mkono wa kushoto umekakamaa. "Mzigo uko wapi, jaduong'?"

Pikapu ikamzibia mbele. Mwenye shingo nene akashuka na spana, akampiga kwenye mkono uleule wa nyuzi. Nilisikia sauti ya kitambaa kikichanika, nacho hakikuwa kitambaa. Wa pili akamkanyaga mgongoni, kisha wakaipandisha pikipiki nyuma ya gari. Kosa lao lilikuwa kubania mafuta. Wangemvizia mbali, lakini walichagua mita mia mbili kutoka stegi yake.

Pikipiki kama thelathini zilifika kwa pamoja. Wa pili akakimbia kuingia mahindini, nao hawakumfuata. Walitosheka na huyu mwenye shingo nene. Walimtoa mlangoni mwa pikapu kwa kumvuta masikio. Rungu, minyororo, mawe ya ukubwa wa mkate. Mmoja alimrukia kifuani kwa magoti yote mawili. Ndipo jino likatoka, na la pili likafuata. Mwenyekiti wa stegi, jitu lenye koti la kuakisi mwanga, akaja na chupa ya petroli na kummwagia kichwani taratibu, kama anayenawisha mgeni mikono.

"Ni mwizi tu," akasema. "Nani ana kiberiti?"

Kijana alikuwa amekaa chini, damu ikimtoka kwenye vidole, akipiga kelele, "Risiti iko chini ya kiti! Risiti ya ng'ombe!"

Ng'ombe. Elfu ishirini na nne, taslimu. Hazikupita kwenye simu, kwa hiyo taarifa ya simu haikuzionyesha. Komisheni yangu ilitoka kwenye pesa hizo, na bado nilizisahau.

Nikapanda nyuma ya pikapu, nikatoa risiti chini ya kiti cha pikipiki. "Omera, ndugu zangu, ngojeni. Nyote mnazo pikipiki za mkataba huu. Mnataka kujua lini hawawezi kuwagusa, au mnataka kufungwa kwa mauaji?"

Mwenyekiti alikuwa na kiberiti tayari. Hakukiwasha. "Sema haraka."

"Malipo ya kwanza yanahesabiwa. Faini za kuchelewa hazihesabiwi. Laki moja ishirini na saba na mia nne, jumlisha elfu ishirini na nne: laki moja hamsini na moja na mia nne. Theluthi mbili ni laki moja hamsini na moja na mia mbili. Amevuka kwa shilingi mia mbili. Hawa walipaswa kwenda kortini. Wakichukua kwa nguvu na kuondoka nayo, mkataba unakufa, na wanadaiwa kila senti aliyolipa. Mkimchoma huyu, pikapu na pikipiki vinaungua, na kesi inakuwa yenu."

Simu zikatoka mifukoni. Vijana waliokuwa na mawe mkono mmoja walikuwa wakijumlisha kwa mwingine. "Mimi wiki thelathini?" mmoja akauliza.

"Wewe ukikosa, wanaweza kukuchukulia kesho."

Akaangusha jiwe polepole.

Mkamataji alikuwa akisugua macho, petroli ikimwingia. Mwenyekiti alimpiga teke moja la mwisho mbavuni, la kufungia mkutano, kisha wakashusha pikipiki. Wakamtupa nyuma ya pikapu mahali pikipiki ilipokuwa, na dereva, aliyekuwa amejilaza chini ya usukani muda wote, akaondoka kwa gia ya pili bila kutazama nyuma.

Kijana akanivuta kando kwa mkono mzima. Alinuka damu na petroli.

"Walikupa ngapi kuniita?"

"Elfu moja."

"Nina deni la wiki tatu. Elfu saba mia nane."

"Omera, nimekuokolea chuma. Tuseme elfu nne."

Akageuza uso kuelekea stegi. Mwenyekiti bado alikuwa na chupa, na haikuwa imeisha. Kijana akasafisha koo kama mtu anayetaka kutangaza jambo.

"Elfu tano," nikasema. "Na matibabu ya mkono."

Akafungua mdomo.

Nikatuma elfu saba mia nane kwa namba ya kampuni, akaunti yake, na hospitali nikalipa vilevile, kwa kuwa nilikuwa nimeshaitaja. Alisoma meseji ya uthibitisho kwenye simu yangu mpaka mwisho, kisha akaomba niitume kwake pia.

"Zimebaki wiki ishirini na sita," akasema, na kuketi kwenye pikipiki akingoja mtu wa kumwendesha.