Kigoda cha Mama na Alama za Chaki

Begi la mume wangu lilikaa nyuma ya mlango wiki nzima, na kila nikilipita niligeuza uso. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa karibu kuzaliwa. Kama duka moja la mtandaoni huko Nairobi lingekubali kuuza fanicha zake, angebaki hapa Mwingi na karakana yake ya useremala. Likikataa, Jumamosi angepanda basi kwenda Mombasa kuajiriwa kwa binamu yake, nami nijifungue yeye akiwa huko.

Walichotaka ni picha zilizopigwa zote kwa namna moja. Za kwanza nilizipiga nje ukutani, nikazipenda, maana mimi ni mpiga picha wa harusi na najua kumpendezesha mtu. Kigoda nilikichuchumalia, nikakisogelea kikajaa kwenye picha. Kabati nikalipiga jioni, nikiwa nimerudi nyuma. Dada mmoja wa lile duka akazipanga pamoja akanirudishia: kigoda kilikuwa kikubwa sawa na kabati, na vivuli vingine vilienda kushoto, vingine kulia. Nilikasirika kwa sababu alisema ukweli. Akatupatia nafasi moja tu ya kuzipiga upya, hadi Ijumaa.

Basi tukateka sebule ya mama mkwe. Tukatandika karatasi nyeupe kutoka ukutani hadi sakafuni, tukafunga mapazia, tukawasha taa moja tu, upande wa kushoto. Stendi ya kamera tukaiweka mahali ambapo kabati, lililo refu kuliko vyote, linaingia lote, tukachora chaki kwenye miguu yake, halafu haikuguswa tena. Lenzi nikaibandika tepu isije ikavuta picha karibu au mbali. Kila kitu kiligeuzwa kiasi kilekile, mguu wa mbele ukilingana na alama ileile ya chaki, sakafuni kando ya karatasi. Mume wangu akalalamika kwamba kigoda chake kinaonekana kidogo, kama kimeonewa. Nikamwambia kigoda ni kigoda, mteja asije akadhani ananunua meza.

Kufikia Jumatano jioni tulibakiza viti viwili na meza ya kahawa. Nililala vizuri siku hiyo, jambo ambalo lingenishtua kama ningekuwa na akili.

Alhamisi asubuhi nilienda kliniki. Nikarudi nikakuta kina mama wa kanisa wakitoka, wananipa mkono na kuniombea nijifungue salama. Ushirika wa nyumbani! Zamu ya mama mkwe, na hakuna mama Mkamba atakayekaribisha ushirika kwenye sakafu yenye chaki. Alikuwa amepiga deki hadi simiti inang'aa. Karatasi ilikunjwa vizuri, taa iko kona, stendi imefungwa miguu na kuegeshwa chumbani kama mwavuli. Alama zote zilikuwa zimeenda na maji ya sabuni.

Nilikaa chini sakafuni nikalia. Mume wangu aliangalia lile begi. Vingi tulivyokuwa tumevipiga vilikuwa vimeshachukuliwa na wateja wa hapa hapa mjini. Kurudia vyote hakukuwezekana. Hivyo vitatu vilivyobaki lazima vifanane na vile.

Ndipo nikamwona mama mkwe jikoni, anapukusa mbaazi, amekaa juu ya kigoda. Kilekile tulichokipiga picha.

"Mama, naomba kigoda," nikasema.

"Nikae wapi?"

"Popote, Mama. Tafadhali."

Tukatandika karatasi upya, tukaweka kigoda juu yake. Nikafungua picha yake ya awali kwenye kompyuta, nikaiweka hafifu juu ya kile kamera ilichokuwa inaona. Mume wangu akasogeza stendi, mimi nikimwambia. Kamera ikiwa chini sana uso wa kigoda ulijificha. Ikipanda sana ulifunguka kupita kiasi. Ikiwa mbali kilipungua. Miguu ya kigoda ilipolaliana na ile ya kwenye picha, tukahamia kwenye taa, tukaipeleka huku na kule, juu na chini, mpaka kivuli kikaangukia palepale, kwa urefu uleule, na ukingo wake ukafifia vilevile. Mgongo uliniuma, jasho likanitoka, naye akaendelea kuishika taa.

Kabla ya kuleta kiti cha kwanza, mume wangu alichukua patasi akachonga alama zote upya kwenye simiti ya mama yake. Mama alisimama mlangoni na bakuli la mbaazi akatazama sakafu yake ikitobolewa. Nilingoja atukemee, lakini alirudi jikoni na mbaazi zake.

Tulituma Ijumaa. Jumamosi asubuhi mume wangu alikuwa amevaa viatu vya safari simu ilipolia. Alisikiliza, akaniletea simu niangalie: fanicha zote kwenye ukurasa mmoja, kubwa kwa ndogo, vivuli vyote vimelalia upande mmoja. Zimekubaliwa. Akakaa kitini akaanza kufungua kamba za viatu, polepole, kama aliyesahau jinsi ya kufungua.

Mama mkwe akaja na ndoo na kitambaa. Akalisogeza begi kwa mguu hadi chumbani, asimwulize mtu.

"Sasa naweza kupiga deki?" akaniuliza.

"Piga, Mama," nikamwambia, na nikashindwa kuzuia machozi. "Alama hazifutiki tena."