Linki Isiyofunguka na Maji ya Tangi la Juu

Ofisini walimwita Mama Tangazo, na jina lake la kwenye karatasi lilibaki kwenye karatasi. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake katika idara ya maji ilikuwa moja tu: kuwaambia watu. Maji yatakatika lini, bomba limepasuka wapi, mtaa gani usubiri na mtaa gani uwahi kukinga. Alianza na taipureta iliyokuwa na herufi "a" iliyolika, hata kila "maji" likasomeka "m ji". Zikaja kompyuta, akajifunza. Ikaja ile programu ya kuzungumza nayo kwa maandishi, inayokusaidia kuandika, akajifunza nayo pia, ingawa alisema heri ingekuja wakati miguu yake bado ina nguvu.

Mwaka huo alikuwa hoi. Si uchovu ule wa kulala ukaamka umeisha. Dada yake mdogo alikuwa na maradhi ya figo na alihamia kwake, na mara mbili kwa wiki walitoka alfajiri kuwahi foleni ya hospitali kabla yeye hajaenda kazini. Saa nne asubuhi viatu vilikuwa vinambana tayari. Alikuwa akivua kimoja chini ya meza, akakivaa tu meneja akipita.

Jumatano moja, kwenye saa tano, simu yake ililia. Ujumbe ulitoka kwa mkemia wa idara, kijana mchapakazi aliyekuwa ameshinda tangu Jumatatu akipima maji ya matangi na mabomba.

"Shikamoo mama. Matokeo haya hapa. Tangazo litoke leo leo, ni haraka."

Chini yake kulikuwa na linki ndefu kama mkia wa tiara. Basi.

Mama Tangazo akaibonyeza. Ukurasa mweupe ukatokea na maneno mawili matatu: huna ruhusa ya kuona faili hili, omba ruhusa kwa mwenyewe. Akaomba. Akasubiri. Akaona kwamba ombi lake limekwenda kwenye barua pepe ya mkemia, naye mkemia yuko kwenye chanzo cha maji, kwenye mitambo, mahali ambapo mtandao huja na kuondoka kama umeme wa mgao.

Meneja alikuja akasimama nyuma ya kiti chake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye mikutano.

"Mama, tangazo vipi?"

"Faili halifunguki, bosi."

Meneja akainama, akaisoma linki yenyewe. Mwishoni, katikati ya herufi na namba zisizo na maana, palikuwa na maneno yanayosomeka: taarifa-maji-salama.

"Si hii hapa inasema? Maji salama. Waandikie wananchi tumepima, maji ni salama, waendelee kutumia. Mambo yameisha."

"Hilo ni jina la faili tu, bosi."

"Na jina la faili anaandika nani? Si yeye?"

Akaenda zake mkutanoni. Mama Tangazo akabaki na kiatu kimoja mguuni. Nisikufiche, moyo wake ulimwambia aandike. Mistari minne tu. Angeweza kuwahi kurudi kwa dada yake mapema. Tena mkemia akitaka tangazo la haraka, huenda ni kwa sababu watu wamelalamika na yeye anataka kuwatuliza. Inawezekana kabisa. Kila jambo linawezekana mtu akiwa amechoka.

Akafungua ile programu. Akabandika linki, akaandika chini yake: "Andika tangazo kwa wananchi kutokana na taarifa hii."

Jibu likaja: "Siwezi kufungua linki hii. Ninachokiona ni anwani yake tu, sioni kilichomo ndani. Jina la anwani linataja maji salama, lakini hilo halinitoshi kujua vipimo vimeonyesha nini. Kama unaweza, nibandikie maneno yenyewe: ukurasa wa muhtasari, jedwali la matokeo pamoja na vichwa vya safu zake na vipimo vilivyotumika, tarehe ya sampuli, maeneo yaliyopimwa, na ushauri uliotolewa."

"Kisia tu," akaandika, kwa ukali uliomshangaza mwenyewe.

"Naweza kukuandalia umbo la tangazo lenye nafasi wazi za kujazwa. Kusema maji ni salama au si salama bila kuona matokeo, hapana. Watu watakunywa kwa neno hilo."

Mama Tangazo akaegemea kiti. "Haya," akasema peke yake, "hata wewe umenikalia kooni." Akachukua simu.

Mkemia alipokea mara ya tatu. Nyuma yake pampu zilikuwa zinanguruma.

"Mama! Limeshatoka?"

"Litokeje, mwanangu? Umenitumia mlango, funguo umebaki nazo wewe."

"Si nimekutumia linki?"

"Haifunguki. Inataka ruhusa yako."

Mkemia akasema neno ambalo mtu halisemi mbele ya mtu aliyemsalimia shikamoo. Faili alikuwa amelihifadhi kwenye kabati lake mwenyewe la mtandaoni, si la idara. Yeye lilimfungukia kila mara, akadhani linamfungukia kila mtu. Sasa huko aliko ukurasa wa kubadilisha ruhusa haukubali kufunguka. Ila nakala ilikuwa ndani ya kompyuta yake, na ujumbe wa simu ulikuwa unapita.

"Na maji ni salama?" akauliza Mama Tangazo.

"Salama? Nani kasema? Mama, tangi la juu limeoza!"

"Faili lako linasema maji salama."

"Ah! Nilichukua faili la miezi mitatu iliyopita nikafutafuta, nikajaza mapya. Jina sikubadilisha."

Nyumba ya Mama Tangazo ilikunywa maji ya tangi la juu. Asubuhi ile, kabla ya kutoka, alikuwa amemkingia dada yake glasi ya maji ya bomba amezee vidonge.

"Nitumie maneno," akasema. "Maneno yenyewe, hapa kwenye ujumbe."

Yakaja. Kwanza yakaja kwa fujo: jalada, shukrani, majina ya wakubwa, historia ya tangi tangu lijengwe. Kisha ikaja picha ya jedwali iliyopigwa kwenye kioo cha kompyuta, yenye mng'ao wa jua katikati, huoni kitu. Kisha jedwali likaja limenakiliwa, lakini safu zimeangukiana, majina na namba zimeshikana kama tambi zilizopoa.

Akampigia tena.

"Mwanangu, niandikie kila mstari kama unavyomwambia mtu. Mahali, tarehe, umepima nini, umepata ngapi, ilitakiwa iwe ngapi. Halafu mstari mmoja: watu wafanye nini."

"Nina mistari sita tu ya maana."

"Basi nipe hiyo sita. Historia ya tangi tutaisoma siku ya sherehe."

Akasikika akicheka kwa uchovu, na kwa mara ya kwanza siku ile naye akatabasamu.

Mistari sita ikafika. Ilikuwa na majina ya wenye nyumba ambao mabomba yao yalichukuliwa sampuli, pamoja na namba zao za simu. Mama Tangazo akayafuta hayo moja moja, akaacha jina la mtaa tu, maana tangazo halikuhitaji kujua bomba ni la nani. Akaongeza juu: taarifa ya mkemia wa idara, sampuli za Jumatatu na Jumanne. Kisha akabandika vyote kwenye programu na kuiambia nani atasoma: watu wa kawaida, kwenye simu ndogo, na gari la matangazo litakalopita mitaani.

Rasimu ikaja, na chini yake swali. "Mstari wa nne unasema klorini iliyobaki kwenye maji ni '05', na mingine ina nukta. Je, ni 0.5 au 0.05? Ya kwanza inatosha kulinda maji, ya pili ni ndogo mno. Tafadhali thibitisha kabla ya kutangaza kuhusu mtaa huo."

Akapiga simu mara ya tano. "Mstari wa nne. Sifuri nukta tano, au sifuri nukta sifuri tano?"

"Sifuri nukta sifuri tano. Niliandika nukta sifuri tano; nukta imedondoka wapi tena?"

"Imedondoka njiani. Kwa hiyo mtaa huo nao umo?"

"Umo, mama. Mitaa yote mitatu ya tangi la juu. Ya tangi la chini iko sawa."

Akaandika upya rasimu kwa mkono wake. Palipoandikwa bakteria wa kundi fulani akaweka "vijidudu vya kinyesi", maana mtu akisikia hivyo hahitaji kuelezwa zaidi. Mitaa mitatu akaiweka juu kabisa. Chemsha mpaka maji yatokote, yaache yatokote dakika moja nzima, ndipo unywe, uoshee mboga, upigie mswaki. Mpaka idara itakapotangaza tena.

Meneja alipotoka mkutanoni alisoma akiwa amesimama, kisha akakaa.

"Mungu wangu," akasema. "Na mimi nilikwambia..." Hakumaliza. Akaweka sahihi. Kisha mazoea yakamrudia. "Kwenye ujumbe wa simu weka kifupi, mama: kuna taarifa muhimu, bonyeza linki ya tovuti yetu. Inapendeza zaidi."

Mama Tangazo alimtazama kama mtu anayetafuta nguvu ya kubeba ndoo moja ya mwisho.

"Bosi, asiye na bando la mtandao ataona linki, hataona vijidudu. Tuweke maneno yenyewe. Ni mistari mitatu."

"Haya. Maneno yenyewe."

Saa tisa ujumbe ulikuwa kwenye simu za mitaa mitatu na gari la matangazo linazunguka. Yeye alikuwa ameshampigia dada yake kwanza kabisa, kabla hata ya sahihi, na hakuona aibu kwa hilo.

"Nimekunywa glasi mbili," dada yake akasema.

"Moja nilikupa mimi."

"Sasa nifanye nini?"

"Usinywe ya tatu. Ukisikia tumbo, niite. Nakuja."

Tumbo lilimsumbua siku mbili, si zaidi. Zahanati ya mitaa ile ilipokea watu kadhaa wa kuharisha wiki hiyo, wengi wao watoto, na wote walirudi makwao. Kuna mama alikuja ofisini kugomba kwamba mkaa wake umekwisha kwa kuchemsha maji, akagomba nusu saa, na Mama Tangazo akamsikiliza mpaka mwisho kwa sababu alikuwa na haki. Siku ya kumi na moja tangi lilikuwa limesafishwa na kutiwa dawa, vipimo vikarudiwa, naye mkemia akatuma matokeo. Safari hii aliyaandika ndani ya ujumbe, mstari kwa mstari, nukta zikiwa mahali pake, na faili akalihamishia kwenye kabati la idara.

Hakuna aliyempongeza Mama Tangazo, wala hakutarajia. Tangazo zuri halina mwandishi. Jioni ya siku ile ya Jumatano alifika nyumbani, akajaza sufuria kubwa, akaiweka jikoni, akavuta kigoda na kukaa mbele ya moto viatu vikiwa mkononi. Dada yake alipokuja kumwuliza kama maji yameanza kutokota, alimkuta amesinzia ameegemea ukuta. Akamwacha. Akakaa kando yake, akayaangalia maji yeye mwenyewe.