Mstari Uliokataa Sifuri

Shuleni kwetu kule Griftu, mwalimu wa fizikia alikuwa tayari anakusanya karatasi. Tulikuwa tumebembeza jiwe kwenye uzi. Kwenye grafu, muda wa mbembeo dhidi ya urefu wa uzi ulitoa mkunjo. Tulipouweka muda katika kipeo cha pili, mstari ukanyooka. Ila haukupita sifuri, na mwenzangu akashika rula aulazimishe upite hapo.

"Abaayo, dada yangu, acha!" Nikamkamata mkono. "Mteremko unatokana na mvuto wa dunia, uko sawa. Lakini hapa mstari unapokata mhimili wima, uzi ni sifuri na muda bado upo. Wa nini?"

Tulikuwa tumepima uzi hadi kwenye fundo lililoshika jiwe tu, kama mtu apimavyo kamba ya kisimani bila ndoo. Nikagawanya kimo cha pale mstari ulipokata mhimili kwa mteremko: sentimita mbili.

Akapima unene wa jiwe. Nne. Nusu yake, toka fundo hadi katikati ya jiwe, ndiyo tuliyotaka kuifuta.