Samahani Zilizochelewa Shambani

Mshauri wa mahusiano alinipa kazi ya kuandika ukurasa mmoja. Nilikuwa nimemweleza habari zangu na mpenzi wangu, dereva wa trekta kwenye mashamba ya miwa, mpaka nikakaukiwa koo. Yule mama alinisikiliza, akaniuliza kama nimewahi kupigwa au kutishiwa. Nikasema hapana. Akauliza kama mwenzangu huwa anaipekua simu yangu. Nikasema tunaonana kwa nadra, mambo yetu mengi yako kwenye chati.

"Basi, mwanangu, zisome tena chati zote, uniandikie barua. Usiniambie ana tabia gani. Niambie nini kilitangulia, yeye aliandika nini, wewe ulijibu nini, kikaishaje. Maneno yake yaache kama yalivyo. Na siku nzuri uziandike, ukizificha nitaona nusu ya mambo."

Nilikuwa na sababu ya kuharakisha. Mwenzangu alitaka nifunge cherehani yangu hapa Lipangalala nihamie kwake, kambi ya wafanyakazi wa miwa, na alitaka jibu kabla ya Jumapili. Nilikuwa nampenda, sifichi. Nilitaka tu kujua ninahamia kwenye nini.

Nilianza kwa kutafuta neno "samahani" ndani ya chati. Simu ikaanza kunirusha kutoka moja hadi nyingine, na karibu zote zilikuwa zangu. Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya kidogo. Kila nilipoikuta samahani nilipanda juu kuona ilianzia wapi. Ujumbe wake wa sauti hautafutiki kwa neno, hivyo nikausikiliza mmoja mmoja huku nikipiga pasi sare za wanafunzi.

Siku zote niliamini ugomvi wetu unaletwa na uchovu wake. Nilikuta kitu kingine. Juu ya karibu kila ugomvi kulikuwa na habari yangu njema: nimepata oda ya sare, dada yangu wa Mang'ula ananialika, nimenunua mashine ya kudarizi. Nikaandika:

*Ninamwambia jambo la kunifurahisha. Anasoma, tiki zinakuwa za bluu, anakaa kimya. Kisha: "Naona siku hizi hunihitaji." Ninajieleza. Anasema: "Maneno mengi, ndiyo maana sikuamini." Ninaomba samahani, na ile habari siitaji tena. Asubuhi anaandika: "Umeamkaje, mama?" Tunakuwa na siku nzuri, ananichekesha sana, ananitumia picha za nyani wakivuka barabara. Halafu ninapata habari nyingine.*

Kulikuwa na kipande kilichokataa kukaa kwenye mpangilio huo: msimu wa kuamia ndege. Sisi wenye mpunga bondeni huwa tunahamia shambani, tunakaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti, kufukuza ndege mpaka mavuno. Mtandao huko ni wa kubahatisha. Mpaka upande juu ya tuta ndipo simu inashika. Nilikuwa nikisema msimu ule ndipo tulipopendana kuliko wakati wowote, na mashoga zangu niliwatambia.

Nikazisoma tena chati za msimu huo, polepole. Hasira zilikuwepo. Alikuwa ametuma "Naona hunihitaji", akatuma "Nyamaza tu", akatuma sauti ndefu ya lawama. Chini yake, bila mimi kujibu neno, ilikuwepo "Umeamkaje, mama?" Nilipopanda tutani zote ziliingia kwa mkupuo, mimi nikajibu ile ya mwisho kwa sababu ndiyo iliyokuwa mbele ya macho.

Niliizima pasi. Basi samahani zangu hazikuwa zikimaliza chochote! Hasira yake ilikuwa ikija na kuondoka kwa ratiba yake, na mimi nilikuwa nikilipa nauli ya gari ambalo lingefika tu. Niliona uchungu, lakini udadisi ulinizidi. Nikaiongeza aya hiyo kwenye barua.

Mshauri aliisoma mara mbili. Hakuniambia niache wala nihamie. Aliuliza tu, "Kule kambini mtaishi nyumba moja. Tuta lako litakuwa wapi, la kuzikuta hasira zake zimeshapita?"

Nikarudi na swali hilo cherehani kwangu. Jumamosi nikamwandikia mwenzangu: "Sihami. Nimepata oda ya shule nzima, na nimefurahi."

Bluu. Kimya. Kisha ikaja: "Naona hunihitaji." Vidole vyangu vilishaanza kuandika *sam*, na simu yenyewe ikanimalizia neno, inanijua. Nikafuta. Nikaifungia simu kwenye droo ya vifungo, nikakata kitambaa cha sare mpaka mkono ukachoka. Nililia kidogo pia.

Asubuhi niliifungua droo. "Umeamkaje, mama?" ilikuwa pale, mahali pake. Kuhusu ile oda hakukuwa na neno.

Nikajibu: "Nimeamka salama. Jana nilikwambia nimefurahi."

Tiki zikawa za bluu. Nikairudisha simu kwenye droo, nikavuta kiti, nikakaa kwenye cherehani.