Mkungu Ulioshika Majani

Watumishi wa hospitali walimwita Mama Mikungu, wala si kwa mapenzi. Kwa miaka ishirini na miwili aliitunza mikungu ya uani, ile miti ya kungu yenye kivuli kipana, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwomba mtu radhi. Muuguzi aliyeegemeza baiskeli shinani alikiona cha mtema kuni. Daktari aliyechuma jani ajipepee aliulizwa kama naye angependa kunyofolewa sikio. Kwa hiyo ilipojulikana kwamba barua ya kumwachisha kazi imekwisha kuandikwa, hakuna aliyepoteza hamu ya chai. Naye alijua: kazi ikienda, na chumba chake cha nyuma ya stoo kinakwenda, kwani ufunguo ulikuwa wa hospitali.

Kosa lake lilikuwa majani. Kiangazi kilikuwa kimekolea, na mikungu ikageuka manjano, kisha nyekundu, kisha ikaanza kujivua nguo mchana kweupe. Msimamizi wa majengo, mgeni wa miezi mitatu, hakuwahi kuona jambo hilo alikotoka.

“Umeinyima maji, au umeitia sumu,” alimwambia mbele ya wafagizi. “Mti mmoja tu haujapukutisha, ule wa banda la jenereta. Kwa nini?”

Kabla hajajibu, fundi wa jenereta alijisogeza. Alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, na tangu matanga hawakusalimiana ila kwa kubanwa.

“Ule nimeutunza mimi, bosi,” alisema. “Shemeji hajaugusa. Ndiyo maana umeshika majani yake yote. Nipe mimi hii kazi, utaona.”

“Uliutunza vipi?” akauliza Mama Mikungu, kwa sauti ya upole iliyowatia wafagizi wasiwasi.

“Una wivu, shemeji.”

“Nimekuuliza swali.”

“Dawa ya mchwa. Oili chafu na dizeli, ndoo kwa ndoo, wiki mbili. Hata mchwa mmoja huoni!”

Mama Mikungu alimpa mgongo. Alikwenda kwenye mkungu mkubwa, akagusa jani jekundu kwa kidole. Likaanguka. Akamsogezea msimamizi tawi usoni, karibu kumchoma jicho.

“Tazama kikonyo kilipokaa. Kuna kovu, laini, kavu, limezibwa. Halivuji hata tone. Nani kaliziba?”

“Nijuaje mimi?”

“Mti wenyewe. Maji yakipungua, mti hauachi mali yake ipotee. Unaivunja ile rangi ya kijani, unarudisha chakula chake matawini, na umanjano uliokuwa umefichwa chini yake unaonekana. Wekundu nao unatengenezwa wakati huo huo. Mti ukishavuna unachoweza, unapitisha utando mwembamba chini ya kikonyo, mahali pa kukatikia, na nyuma yake unaweka gamba. Jani linaanguka lenyewe kwa uzito wake. Hiyo kazi haifanywi na maiti, bwana. Inafanywa na aliye hai.”

Kisha akavunja kijiti cha mkungu ule, akaelekea nacho kwenye banda la jenereta, nao wakamfuata kama wanaokwenda kushuhudia ugomvi, na ndivyo ilivyokuwa. Mkungu ule ulikuwa mchanga, wa miaka minne. Majani yake yalining'inia, ya kahawia, makavu kama karatasi ya kufungia sukari. Alivuta moja. Halikutoka. Akavuta tena kwa nguvu, likachanika na kung'oa uzi wa gome. Akakwangua kijiti kwa ukucha: ndani hudhurungi tupu. Akakwangua kile cha mkungu mkubwa alichokuja nacho: kijani kibichi.

“Huu haukushika majani,” alisema. “Ulikufa ghafla, ukakosa muda wa kuyaachia. Mwuaji amekuja mwenyewe kudai zawadi.”

Mfagizi mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Msimamizi alitazama jani, akatazama kovu, akakunja barua iliyokuwa mfukoni bila kuitoa. Hakuwa mtu wa kukiri kosa.

“Wewe baki na kazi yako,” alisema, kama anayemfukuza. “Na huo mkavu uondoke kabla ya saa kumi. Fundi atakusaidia, kwa kuwa ndiye aliyeutunza.” Akaondoka.

Fundi alibaki amesimama. “Umenivua nguo mbele ya watu, shemeji. Kaka angekuwa hai usingethubutu.”

“Kaka yako angekuwa hai,” akasema Mama Mikungu, akimkabidhi mpini mmoja wa msumeno wa watu wawili alioutoa stoo, “angekuwa upande wangu, anavuta. Vuta.”

Akavuta.