Jumamosi Isiyokuwepo Kibaoni

Nikikikumbuka kile kibao, hadi leo najichukia. Nilikuwa mchoraji wa vibao Busia, nimejaa maringo, na kwa kuwa nilisoma chuo cha Kurani utotoni nikajiona bingwa wa Kiarabu. Mwenye duka la dawa kule Tororo akanitumia picha ya kibao chake cha Kiingereza cha mlangoni. Aliyataka maneno yaleyale kwa Kiarabu, kwa ajili ya wateja wake Wayemeni wenye maduka vijijini.

Picha ilisema: Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili hadi saa kumi na moja, Jumamosi mwisho saa saba, Jumapili na sikukuu tumefunga. Nikaimaliza kazi asubuhi moja, kwa rangi ya kijani, nikakituma kibao kwa basi.

Jumapili moja nilikwenda Tororo kujionea kazi yangu. Mlangoni nikamkuta mzee wa Kiyemeni kutoka Mukuju, anapitisha kidole kwenye herufi zangu.

"Mwanangu, leo si al-ahad? Wameandika wanafungua mpaka saa saba. Nagonga tangu saa tatu. Mke wangu ana pumu, ameishiwa vidonge. Ijumaa nilifika jioni, nikakuta wameshafunga. As-sabt, yaani jana, haimo kibaoni, basi nikarudi nyumbani kungoja leo."

Nikasoma. Nikasoma tena. Kiswahili huanza kuhesabu Jumamosi, Kiarabu huanza Jumapili, nami nilihesabu kwa vidole vya Kiswahili. Jumatatu, ya tatu kwetu, nikaiita ath-thulatha, ambayo ni Jumanne. Jumamosi, ya kwanza kwetu, nikaifanya al-ahad, yaani Jumapili. Jumapili ikawa al-ithnayn, Jumatatu yao. Jumamosi yenyewe niliitupa nje ya juma. Na chuoni tuliziimba siku hizo kila asubuhi!

Nikamgongea mwenye duka nyuma, anakoishi. Akatoa vidonge huku amekunja uso. Nilipomwambia kibao kina makosa, alicheka.

"Wacha tu. Iko mzuri. Wao watazoea."

Mwanamke anapigania pumzi siku mbili, yeye anasifu rangi! Lakini yeye hakujua kusoma Kiarabu. Mimi nilijua, na ndiyo maana nilijichukia kuliko nilivyomchukia yeye.

Nilikikwangua siku hiyohiyo, nikaandika upya: al-ithnayn hadi al-jumua, as-sabt mpaka saa saba, al-ahad tumefunga. Sikukuu nilikuwa nimeziita Idi tu; nikaongeza sikukuu zote za serikali.

Mke wa mzee alipona. Baadaye, Jumamosi moja saa moja asubuhi, duka halijafunguliwa, nilimwona mzee tena pale mlangoni. Alisoma kibao changu polepole kutoka kulia hadi mwisho. Kisha akamgeukia mama mmoja aliyekuwa akipita, akamwonyesha kile cha Kiingereza, herufi asizozijua.

"Mama, nisomee hiki. Wanafungua leo?"